Mzigo na Chombo Chake

Magazeti ya Kiswahili ya Kenya yanapoandika habari za moyo hupenda neno lehemu. Msomaji anaambiwa apunguze lehemu mwilini, na kama amewahi kumtazama fundi akiziba tundu la sufuria, picha inamjia papo hapo: madini laini yanayeyushwa kwa moto, yanamiminwa, yanaganda. Picha hiyo ikishaingia kichwani, mengine yanajipanga yenyewe. Mshipa unakuwa bomba. Lehemu inashika ndani ya bomba, inaongezeka mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja damu inakosa pa kupita. Na dawa, ikiwa ni dawa ya kweli, kazi yake itakuwa kuyeyusha.

Nalipenda neno lenyewe. Ni jepesi mdomoni, limeshapata makazi, na sitaki kulifukuza. Lakini karibu kila kitu katika picha inayolifuata kina kasoro, na kasoro hizo zinaonekana kwenye foleni za kliniki za presha kuanzia Kitengela hadi Kajiado mjini. Huko, kwa kweli, lehemu halisikiki. Mtu anaambiwa "uko na mafuta mengi kwa damu", naye akifika nyumbani anasema ana kolestro. Mafuta kwa damu si istilahi ya mtaalamu, ila ina sifa moja ambayo lehemu haina: inautaja mzigo pale ulipo, yaani kwenye damu, si kwenye ukuta wa bomba.

Kolesteroli yenyewe ilipewa jina kwa nyongo. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa Michel Chevreul aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, nyongo na kigumu, kwa sababu kitu hicho kilikuwa kimeonekana kwenye vijiwe vya nyongo. Si sumu. Kila seli ya mwili huhitaji kolesteroli katika utando wake. Homoni za uzazi hutengenezwa kwayo. Nyongo yenyewe huanzia hapo. Shida yake ni moja tu: haichanganyiki na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Ndiyo maana haiwezi kusafiri peke yake. Hubebwa ndani ya vitufe vidogo vyenye gamba la protini na mafuta, ambavyo wataalamu huviita lipoproteini. Mtu wa pwani angeviita vyombo na asingekosea, kwa kuwa chombo kwake ni jahazi na pia ni kikombe: kinabeba, na kinakwenda.

Hapo ndipo lehemu nzuri na lehemu mbaya zinapotupoteza. Ukisikia nzuri na mbaya unadhani ni vitu viwili, kama maziwa mazima na yaliyoharibika. Kolesteroli ni moja. Kinachotofautiana ni chombo. Ini hupakia vyombo vikubwa vilivyojaa mafuta ya kuunguzwa, yaani trigliseridi, pamoja na kolesteroli kidogo, na kuvisukuma kwenye damu. Vikipita kwenye misuli na mafuta ya mwili hupakua trigliseridi, vinapungua ukubwa, na mwisho hubaki vitufe vidogo ambavyo mzigo wake mkuu sasa ni kolesteroli. Hivyo ndivyo LDL, ile inayoitwa mbaya. HDL, ile inayoitwa nzuri, ni vidogo zaidi tena, na miongoni mwa kazi zake ni kuchukua kolesteroli kutoka kwenye seli na kuirudisha kwenye ini.

Mbona basi LDL ipewe lawama? Kwa sababu ya ukubwa wake na ya muda inaokaa. Ni ndogo kiasi cha kupenya ngozi nyembamba ya ndani ya ateri na kuingia ukutani, na nyingine hunasa humo. Seli za ulinzi zinakuja kuimeza, zinajaa mafuta, zinakufa, nyingine zinakuja. Miaka inapita. Mafuta hayo hayapo ndani ya njia ya damu kama uchafu wa bomba. Yamo ndani ya ukuta wenyewe, chini ya ngozi, na kwa muda mrefu ukuta hutanuka kuelekea nje huku njia ikibaki wazi. Mtu hasikii lolote. Kisha siku moja ile ngozi juu ya uvimbe inapasuka, damu inakutana na yaliyofichwa, na inafanya inavyofanya kwenye kila jeraha: inaganda. Bonge la damu ndilo linaloziba, na huziba kwa dakika chache. Mara nyingi pale linapozibia hapakuwa pamebanwa sana hapo awali, jambo linaloeleza kwa nini mtu anaweza kupanda mlima Ngong Jumamosi na kulazwa kwa shambulio la moyo Jumatatu.

Sifa ya HDL nayo ilijaribiwa. Ikiwa ni nzuri, iongezwe. Kampuni moja kubwa ya dawa ilitengeneza torsetrapibu, iliyopandisha HDL kwa zaidi ya nusu, na kuijaribu kwa watu zaidi ya 15,000. Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa kwa sababu waliomeza dawa hiyo walikuwa wakifa zaidi ya wenzao. Dawa hiyo ilikuwa na madhara yake mengine, ikiwemo kupandisha presha, lakini nyingine zilizofuata na kupandisha HDL pia hazikuleta faida iliyotarajiwa. HDL ya chini ni dalili kwamba mambo si sawa. Kuipandisha kwa nguvu hakujamwokoa mtu. Kwa hiyo anayekuambia usijali LDL kwa kuwa "ile nzuri yako iko juu" anasoma jina, hasomi ushahidi.

Umaasaini una nafasi ya pekee katika historia ya elimu hii, na si nafasi ambayo wengi wanaidhani. Katika miaka ya 1960 daktari Mmarekani George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alikuja kuwachunguza Wamaasai kwa sababu walikuwa kitendawili: wanaume walioishi kwa maziwa na nyama, wakila mafuta ya mnyama kuliko Wamarekani, lakini wenye kolesteroli ya chini sana, karibu 3.5 kwa kipimo cha leo cha milimoli kwa lita, na wasiougua moyo. Mpaka leo nyama choma ya Kitengela hutetewa kwa habari hiyo, hata na watu ambao hawajachunga ng'ombe siku moja.

Waliosimulia walisahau sehemu ya pili. Mwaka 1972 Mann na wenzake walichapisha matokeo ya kuchunguza mioyo na mishipa mikuu ya wanaume 50 wa Kimaasai waliofariki. Kuta za ateri zilikuwa na mafuta na makovu mengi, na ateri za moyo zilikuwa nene kama za wazee wa Marekani. Tofauti ilikuwa kwamba mishipa ilikuwa imetanuka hata ikaufidia unene huo, na sehemu zilizopasuka au kuganda damu zilikuwa chache mno. Mann alikisia kwamba kutembea kwao kutwa nzima ndiko kulikoipanua mishipa. Yaani ukuta haukusamehe. Njia ndiyo iliyobaki pana.

Na kwa nini kolesteroli ya damu ilikuwa chini? Kundi jingine la watafiti, Biss na wenzake, waliwalisha vijana wa Kimaasai kolesteroli ya ziada na kuona kwamba miili yao iliitikia kwa kupunguza sana utengenezaji wake. Hapo pana jambo ambalo neno mafuta linaficha: sehemu kubwa ya kolesteroli yako hukuila, umeitengeneza. Mwaka 1974 Mann aliandika pamoja na Anne Spoerry, yule daktari wa ndege wa AMREF ambaye watu walimwita Mama Daktari, kwamba wanaume waliokunywa maziwa ya mgando kwa wingi walinenepa na huku kolesteroli yao ikishuka. Wengine wametazama magome kama ya olkiloriti yanayotiwa kwenye supu, yenye saponini zinazoweza kushika kolesteroli tumboni; maabara yanakubali, ila bado si hoja ya kumwandikia mgonjwa supu. Mmaasai wa sasa anayeuza simu Kitengela, anayekwenda kazini kwa bodaboda na kula chipsi mchana, hana kilomita za babu yake miguuni.

Ini basi ndilo la kuangaliwa. Kuna kimeng'enya kimoja, HMG-CoA riduktesi, kinachoshika hatua inayoamua kolesteroli kiasi gani itengenezwe. Mjapani Akira Endo, akifanya kazi katika kampuni ya Sankyo, alichunguza maelfu ya kuvu akitafuta kitu cha kukizuia, na mwaka 1973 akakipata kwenye ukungu uitwao Penisiliamu sitrinamu. Ndiko statini zilikoanzia. Ya kwanza kuidhinishwa kuuzwa ilikuwa lovastatini, mwaka 1987, huko Marekani. Zinazoandikwa zaidi kwetu ni atorvastatini na rosuvastatini, na simvastatini ambayo humezwa usiku kwa sababu haikai sana mwilini na ini hutengeneza zaidi usiku.

Sasa tazama statini inavyofanya, kisha ulitazame neno kuyeyusha. Kimeng'enya kikizuiwa, seli ya ini inaishiwa kolesteroli. Inatafuta pengine pa kuipata, na pa karibu ni damu. Inatoa vipokezi vingi zaidi kwenye uso wake, vinavyovishika vyombo vya LDL vinavyopita na kuvivuta ndani, chombo na mzigo wake. Michael Brown na Joseph Goldstein walipewa tuzo ya Nobeli mwaka 1985 kwa kuvigundua vipokezi hivyo. Hakuna kilichoyeyushwa. Vyombo vimepungua baharini, basi, na vinavyopenya ukutani vimepungua pia. Uvimbe uliokwisha kujengeka haufutiki. Kwa dozi kubwa unaweza kusinyaa kidogo, lakini faida kuu ni kwamba ngozi yake inakomaa, mafuta ya ndani yanapungua, na haupasuki kirahisi.

Tuchukue mtu wa kubuni, mwalimu mstaafu wa miaka 58 kutoka Isinya, mwenye presha na anayevuta sigara. Karatasi ya maabara inasema kolesteroli yote 6.2, HDL 1.0, trigliseridi 1.9. Mara nyingi LDL haipimwi. Inakokotolewa kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972:

LDL = 6.2 − 1.0 − (1.9 ÷ 2.2) = 4.3

Sasa tuseme alikwenda kupimwa baada ya usiku wa mbuzi choma na bia kadhaa, trigliseridi zikapanda hadi 4.4. Kanuni ileile inatoa 3.2, na mwalimu anarudi nyumbani akishangilia LDL iliyoshuka kwenye karatasi tu. Trigliseridi zikipita 4.5 kanuni haifai kabisa. Njia rahisi ya kujikinga ni kutoa HDL kwenye jumla: 6.2 − 1.0 ni 5.2 katika hali zote mbili, na hiyo ni hesabu ya kolesteroli iliyomo kwenye vyombo vyote vinavyoweza kudhuru ukuta.

Daktari anampa atorvastatini miligramu 20. Dozi hiyo hupunguza LDL kwa takriban asilimia 43, hivyo 4.3 inakaribia 2.5. Kuongeza hadi miligramu 40 hakupunguzi maradufu. Kila dozi ikiongezwa mara mbili hushusha asilimia kama 6 tu zaidi. Majaribio makubwa yakijumlishwa yanaonyesha kwamba kila milimoli moja ya LDL inayoshuka hupunguza mashambulio ya moyo na viharusi kwa takriban moja ya tano. Mwalimu wetu ameshusha karibu milimoli mbili, kwa hiyo anatarajia punguzo la theluthi moja na ushee.

Theluthi ya nini, lakini? Hapa neno hatari linatusumbua. Hatari kwetu ni kitu kilichopo au kisichokuwepo, kama mamba mtoni. Katika hesabu za madaktari ni uwezekano, na uwezekano huhesabiwa kwa watu, si kwa mtu. Nadhani tungefanya vyema kusema uwezekano na kuwaachia mamba neno lao. Chukua watu 100 wanaofanana na mwalimu, na tuseme 20 kati yao wangepata shambulio au kiharusi katika miaka 10 ijayo. Kwa statini watakuwa 12 au 13. Watu 7 hivi wameokolewa, na hakuna atakayejua kwamba ni yeye. Sasa chukua wanawake 100 wa miaka 38, wasio na presha wala sukari, wasiovuta sigara, wenye LDL ileile: pengine 2 kati yao, na statini inaokoa chini ya mmoja. Dawa ni ileile, theluthi ni ileile, lakini uzito wake haulingani. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani huanza na umri, presha, sigara na sukari, si na kolesteroli peke yake. Walio mbele kabisa ya foleni ni wale ambao moyo wao umeshaugua. Katika jaribio la nchi za Skandinavia la mwaka 1994, wagonjwa wa moyo 4,444 waligawanywa mafungu mawili. Katika miaka mitano na ushee walikufa 256 kati ya waliomeza kidonge kisicho na dawa, na 182 kati ya waliomeza simvastatini.

Kiharusi nacho ni neno moja lenye magonjwa mawili. Mkono ukilegea na mdomo ukaenda upande, sisi tunaita kiharusi, basi. Lakini kuna cha kuziba, ambapo bonge la damu limefunga ateri ya ubongo, na kuna cha kuvuja, ambapo ateri imepasuka. Statini hupunguza cha kuziba. Cha kuvuja haikipunguzi, na kwa mtu ambaye amewahi kukipata daktari hufikiri mara mbili kabla ya dozi kubwa. Katika nchi zetu cha kuvuja kina sehemu kubwa kuliko Ulaya, kwa sababu presha nyingi hukaa bila kutibiwa. Kwa hiyo mwalimu akiacha vidonge vya presha kwa kuwa sasa ana "dawa ya kiharusi", amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Nimebakiza neno ninalolipenda kuliko yote, mshipa. Ndilo ateri, ndilo vena, ndilo neva, na kwa wengine ndilo kano na hata ngiri. Mzee akija kliniki akisema "daktari, tangu nianze hii dawa mishipa inaniuma", anaweza kuwa anasema jambo lolote kati ya hayo. Kwa statini linalotafutwa ni misuli: maumivu ya pande zote mbili, mapajani au mabegani, yaliyoanza wiki chache baada ya dawa au dozi mpya. Muuguzi hodari humwambia, "Mzee, nionyeshe kwa mkono," na mkono husema zaidi ya neno. Kama mkojo umekuwa na rangi ya strungi na miguu imeishiwa nguvu, dawa inaachwa siku hiyohiyo na mtu anakwenda hospitali, kwa sababu misuli inaweza kuwa inavunjika na figo ziko mashakani. Hilo ni nadra sana. Huja kirahisi zaidi statini ikikutana na dawa inayozuia kuondolewa kwake mwilini: simvastatini haipewi anayetumia dawa za ukimwi zenye ritonaviri, na haichanganywi na klarithromaisini ya vidonda vya tumbo au ya kifua. Anayenunua kwenye duka la dawa la mtaani lazima avitaje vidonge vyake vyote.

Maumivu mengi mengine yana asili ya ajabu. Mwaka 2020 watafiti wa London waliwachukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara, wakawapa mwezi wa statini, mwezi wa kidonge kitupu na mwezi wa kutomeza chochote, kwa zamu na bila kuwaambia kilicho katika chupa. Karibu asilimia 90 ya taabu waliyoisikia kwa statini waliisikia vilevile kwa kidonge kitupu. Hawakuwa wanadanganya, waliumwa kweli, lakini si kwa sababu ya dawa. Nusu yao, walipoonyeshwa matokeo yao wenyewe, walirudi kuimeza.

Kinachowaangusha watu wa kwetu zaidi ya maumivu, naona, ni neno dozi. Tumelijulia kwenye malaria na viuavijasumu: dozi ina mwanzo na mwisho, na mtu mwema humaliza dozi. Mwalimu akimeza pakiti ya mwezi, akapimwa na kukuta LDL ni 2.5, anatangaza kwamba amepona na amemaliza. Ndani ya wiki chache ini linarudia kutengeneza kama zamani, vipokezi vinapungua, na LDL inarudi kule kwenye 4.3. Kipimo cha kurudia hufanywa kati ya wiki 4 na 12 baada ya kuanza, ili kujua kama dawa inafanya kazi na kama inamezwa, wala si ili kujua kama iachwe. Pale dirishani pa dawa kuna kitenzi kinachofaa, na wagonjwa wa presha wa miaka mingi wanakitumia tayari: hawaombi dozi, wanasema wamekuja kujaziwa.